Mume aliyeachwa akirudi na kiapo: Mke apime nini kabla ya kufungua mlango?

SAA mbili usiku mlango unabishwa katika nyumba ya kupanga kwenye orofa ya tatu, mtaani Fedha, Nairobi. Mwanamke anapofungua, anamkuta mumewe waliyetengana naye miezi 14 iliyopita. Mkononi ana mfuko wa unga, sukari na maziwa. Nyuma yake amesimama shangazi yake, mama wa makamo aliyevaa leso na kujitwika uso wa upatanisho.

"Mama watoto, mimi si yule uliyemjua," mwanamume anasema kabla hata ya kuketi. "Naapa mbele ya shangazi, kamari nimeitupa. Miezi tisa sasa sijaigusa."

Kisa hiki kimetungwa, lakini hakuna jambo lolote ndani yake lisilojulikana katika mitaa ya Eastlands. Mume alikuwa na kazi ya mshahara wa Sh42,000 kwa mwezi. Alianza kwa kubashiri matokeo ya mechi kwa Sh50, akaishia kuipeleka huko kodi ya nyumba na karo ya watoto wawili. Kodi ya miezi mitatu, Sh18,000 kila mwezi, ilipolimbikizana, mwenye nyumba alitia kufuli mlangoni. Mke alikopa kwa chama chake akalipa, akabaki na watoto. Mume akahamia chumba kimoja huko Pipeline.

Sasa amerudi. Shangazi anakumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Watoto wamemrukia baba yao shingoni. Mwanamke naye hajui la kujibu, kwa sababu anamwona mtu huyu analia machozi ya kweli.

Tatizo liko hapo hasa. Aghalabu mtu wa namna hii hasemi uongo anapoapa. Anaamini anayoyasema. Kwa hivyo mwanamke anayejaribu kuamua kwa kuyachungulia macho ya mwanamume, au kwa kuuliza kama kiapo kimetoka moyoni, anapima kitu kisichoweza kumsaidia. Kiapo huzungumzia siku zijazo, na siku zijazo hazina shahidi. Mabadiliko ya kweli, kwa upande wake, yameshaacha nyayo katika miezi iliyopita, hasa miezi ambayo hapakuwa na mtu wa kutazama. Nyayo hizo zinaweza kusomwa.

Kwa nini kiapo cha kweli huvunjika

Mchezaji kamari aliyezoea huingia katika mtego ambao washauri wa uraibu huuita kufukuza hasara. Akipoteza Sh2,000, hazioni kama fedha zilizokwenda. Huziona kama fedha zinazomngoja azirudishe, na njia anayoijua ya kuzirudisha ni kucheza tena, mara hii kwa kiasi kikubwa zaidi. Akikopa ili acheze, deni lenyewe huwa sababu mpya ya kucheza. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa Jumatatu kwa moyo mweupe, na Ijumaa mshahara unapoingia akajikuta anaingiza nambari ya siri kwenye simu.

Wataalamu wa magonjwa ya akili wamekwisha kuliweka jambo hili katika fungu moja na ulevi. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliuhamisha uraibu wa kamari hadi kwenye kundi la uraibu, pamoja na pombe na dawa za kulevya. Mwongozo huo pia unatoa kipimo cha muda. Mtu ambaye dalili zimemwondoka kwa miezi mitatu au zaidi, lakini hajatimiza miezi 12, huhesabiwa kuwa katika nafuu ya mapema. Akitimiza miezi 12, ndipo nafuu yake huitwa ya kudumu.

Kipimo hiki hakisemi kwamba mwezi wa 13 hauna hatari. Kinamsaidia tu mwanamke kujua ni swali gani aulize kwanza. Badala ya kuuliza "Umebadilika?", anauliza "Tangu lini, na ni nini kinachoonyesha?"

Haja ya watoto si tiketi ya kurudi

Kabla ya kufika kwenye ushahidi, kuna fundo moja linalofaa kufunguliwa, kwa kuwa huwafanya wanawake wengi waamue kwa haraka. Shangazi anasema: "Mkubalie, watoto wapate karo." Maneno haya yanaunganisha mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya malezi na ulinzi wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelifafanua jukumu hilo. Maana yake ni kwamba baba anadaiwa karo na chakula cha watoto akiwa Pipeline sawasawa na akiwa Fedha. Mama hatakiwi kulipia haki hiyo kwa kugawana naye kitanda. Wazazi wanaweza kuandikiana mkataba wa malezi unaotaja kiasi, tarehe na njia ya kulipa. Wasipoafikiana, mama anaweza kwenda kwa afisa wa watoto wa serikali katika kaunti ndogo anakoishi, na ikibidi, mahakama ya watoto.

Faida ya kulitenga jambo hili ni mbili. Kwanza, mwanamke anaacha kuamua akiwa amebanwa na njaa. Pili, karo inageuka kuwa kipimo. Mume anayetuma fedha za watoto kila mwezi kabla ya kuahidiwa chochote anaonyesha jambo moja. Yule anayezizuia hadi afunguliwe mlango anaonyesha jambo lingine kabisa.

Vivyo hivyo kuhusu madeni. Wanawake wengi huogopa kwamba wakirudiana na mume watabebeshwa mikopo yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inawataka wanandoa kuchangia kwa usawa madeni yaliyochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa au ya familia. Deni la kamari haliwezi kuitwa manufaa ya familia. Hata hivyo, sheria haimzuii mwenye nyumba kudai kodi kwa yeyote anayemkuta ndani, wala haimrudishii mke fedha alizompa mume mkononi akazicheze. Kinga ya kweli ni kuyajua madeni hayo kabla.

Kuisoma taarifa ya M-Pesa

Nchini Kenya, kamari ya simu haichezwi bila fedha kupita kwenye simu, na kila inapopita huandikwa. Mtu yeyote mwenye laini ya Safaricom anaweza kubonyeza *334# au kutumia programu ya kampuni hiyo kwenye simu, akaomba taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita. Taarifa hiyo hutumwa kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri inayofika kwa ujumbe mfupi.

Mwanamke huyu wa Fedha hakuichukua simu ya mumewe kwa nguvu wala hakuipekua usiku. Alimwambia: "Baba watoto, sikukatazi kusema. Lakini Jumapili uje na taarifa ya mwaka mzima, tuiitishe hapa tukiwa tumeketi wawili." Kuiitisha mbele ya macho yake kuna maana. Karatasi iliyochapishwa kwingine inaweza kuwa imefutwa baadhi ya mistari.

Mwezi ulikuwa Oktoba. Taarifa ilianzia Oktoba ya mwaka uliotangulia, na mwanamke aliisoma kwa kutafuta mambo matatu.

La kwanza ni malipo yenye maneno "Pay Bill" yakifuatwa na jina la kampuni ya kamari. Hayo yalijaa tangu Oktoba hadi wiki ya pili ya Januari, wakati mwingine mara nane kwa siku, kisha yakakatika. Mume alikuwa amesema kweli kuhusu Januari. Lakini wikendi ya mwisho wa Mei yakatokea tena malipo sita, jumla Sh3,400. Baada ya hapo hapakuwa na mengine.

La pili ni mikopo na fedha taslimu. Siku ya Jumamosi ya wikendi hiyo ya Mei uliingia mkopo wa simu wa Sh10,000, na kabla ya magharibi Sh9,500 zilitolewa kwa wakala. Fedha taslimu hazina jina. Huenda zilinunua dawa au kumsaidia rafiki, na huenda ziliingia katika ukumbi wa kuchezea kamari. Taarifa haiwezi kujibu, ila imeuliza swali ambalo sharti mwenye simu alijibu.

La tatu ni fedha za watoto. Katika miezi tisa kuanzia Februari hadi Oktoba, mume alituma Sh6,000 kwa miezi sita. Miezi mitatu ilikuwa mitupu: Machi, Juni na Julai. Juni na Julai ndiyo miezi iliyofuata wikendi ile, na ndiyo iliyokuwa na marejesho ya mkopo. Watoto ndio walioulipa.

Kwa hivyo hesabu ya kweli si miezi tisa. Ni miezi mitano.

Msimu wa mpira una lake la kusema

Hata miezi hiyo mitano haiko sawa yote. Ligi kuu za Ulaya, ambazo ndizo wachezaji wengi wa Kenya hubashiri, humalizika mwishoni mwa Mei na kuanza tena Agosti. Mtu aliyeacha kamari ya mpira mwanzoni mwa Juni hajajaribiwa sana hadi Agosti, kama vile mlevi aliyeacha pombe katika kijiji kisicho na baa. Mume huyu alikuwa na takriban miezi miwili na nusu tu ya kujizuia mpira ukichezwa kila wikendi.

Kipimo cha msimu nacho kina mipaka. Michezo ya kasi ya kwenye simu, kama ule wa ndege inayopaa na kutoweka, haina likizo, na mtu anaweza kuihamia mpira unapokwisha. Kwa hiyo mistari ya Juni na Julai husomwa kwa makini yale yale. Kwa mume huyu ilikuwa safi, na hilo likahesabiwa upande wake.

Taarifa pia inaweza kupitwa na ujanja. Mtu anaweza kuwa na laini ya pili, kutumia mtandao mwingine wa simu, au kumtumia rafiki fedha amchezee. Kubonyeza *106# kwenye laini ya Safaricom huonyesha nambari za kampuni hiyo zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mwenye laini. Malipo ya mara kwa mara kwa rafiki mmoja, hasa Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi, nayo ni dalili. Aidha, ripoti ya mashirika ya taarifa za mikopo, ambayo nchini Kenya ni Metropol, TransUnion na Creditinfo, huorodhesha mikopo ya benki na ya simu. Kila mtu ana haki ya kuipata ripoti yake mwenyewe. Hata hivyo, ripoti hiyo haimjui mkopeshaji wa mtaani aliyeshikilia kitambulisho, wala kaka aliyekopesha kimyakimya. Madeni hayo ni lazima yatajwe kwa mdomo.

Jibu lina uzito kuliko kosa

Mwanamke alipoonyesha kwa kidole mistari ya Mei, palikuwa na majibu mawili ambayo mume angeweza kutoa.

La kwanza lingekuwa: "Unanichunguza kama polisi? Ndiyo, nilicheza, lakini ni wewe uliyeniacha peke yangu." Jibu hili linakiri kosa na papo hapo kulihamisha. Neno "lakini" ndilo la kusikilizwa. Mtu anayelihitaji kila anapokiri bado hajalichukua kosa kuwa lake, na asichokichukua kuwa chake hawezi kukitengeneza.

La pili ndilo alilolitoa, baada ya kunyamaza kwa muda mrefu: "Zote zilikwenda huko. Hizo za simu na zile za wakala. Niliona aibu kusema."

Mwanamke afanye nini na jibu kama hili? Kuteleza mara moja katika mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida kwa mtu anayetoka katika uraibu, na peke yake halimaanishi kwamba amerudi kulekule. Kinachotenganisha kuteleza na kurudi ni kile kinachofuata. Huyu alisimama baada ya siku mbili na kuulipa mkopo hadi Agosti. Hayo ni mema. Lakini alificha, akaja na kiapo cha miezi tisa akijua ni mitano, na hakusema mpaka alipoulizwa. Katika ndoa iliyovunjwa na siri, kuficha ndiko ugonjwa wenyewe, na kamari ni homa yake tu.

Uamuzi wa mwanamke haukuwa ndiyo wala la. Alimwambia mumewe kwamba hatarudi nyumbani mwaka huo. Watazungumza tena mwisho wa Mei, wikendi ile ile ya ligi kumalizika, itakapotimia miezi 12.

"Kodi mbili ni hasara"

Hapo ndipo mvutano halisi ulipoanza, na hoja iliyotolewa ni ya kweli. "Mimi nalipa Sh7,000 Pipeline, wewe unalipa Sh18,000 hapa," mume alisema. "Tukikaa pamoja, hizo saba ni karo."

Hesabu yake haina kosa. Miezi saba kwa Sh7,000 ni Sh49,000. Lakini hesabu ina upande wa pili. Mara ya mwisho walipoishi pamoja, kodi iliyolimbikizwa ilifika Sh54,000, pamoja na riba ya chama. Mtoto mkubwa alirudishwa nyumbani katikati ya muhula kwa ajili ya karo. Kwa mtazamo huo, Sh49,000 ni bei ya bima, na wala hazitoki mfukoni mwa mke. Isitoshe, chumba cha Pipeline ndicho mahali pekee ambapo mume anaweza kuonyesha kwamba anajua kulipa kodi kwa tarehe bila mke kumsimamia. Akirudi leo, mke atakuwa mlinzi wake, na hakuna atakayejua kama amebadilika au amelindwa.

Namna mtu anavyolipokea neno "bado" ni ushahidi ambao hauwezi kuchapishwa na simu yoyote. Aliyebadilika anaweza kuhuzunika, hata kununa, lakini huheshimu mpaka. Asiyebadilika huanza kuuzunguka. Hutuma mchungaji, humpigia mama mkwe, huwaambia watoto kwamba mama ndiye anayekataa, au huja usiku akisema amefungiwa nyumba. Kila mojawapo ya mambo haya hulenga kumfanya mwanamke aamue kabla ya kuona.

Mke na mume huyu waliandika masharti machache kwenye ukurasa mmoja. Sh6,000 za watoto ziingie kabla ya tarehe tano ya kila mwezi. Taarifa ya simu isomwe pamoja kila baada ya miezi mitatu. Madeni yote yaorodheshwe, pamoja na yale ya marafiki, na kila moja liwe na tarehe ya kuisha. Mume aonane na mshauri wa uraibu, huduma inayopatikana katika hospitali zenye idara ya afya ya akili kama Mathari. Akiteleza, aseme mwenyewe ndani ya siku mbili. Sharti hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu halidai ukamilifu. Linadai mwisho wa siri.

Kuhusu kitanda, palikuwa na jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja. Miezi 14 ya kuishi mbalimbali ni mirefu. Kipimo cha haraka cha virusi vya Ukimwi kinaweza kushindwa kuonyesha maambukizi mapya kwa hadi miezi mitatu. Hivyo wanandoa wanaofikiria kurudiana hupima pamoja, kisha hurudia kupima baada ya miezi mitatu, na katika muda huo hutumia mipira au husubiri. Ombi hili halina tusi ndani yake iwapo wote wawili wananyoosha mkono.

Mahali ambapo vipimo hivi havifai

Yote yaliyoelezwa hapa yanahusu mwanamume aliyeharibu fedha na uaminifu. Iwapo aliyerudi alikuwa akipiga, hesabu hubadilika kutoka mwanzo.

Mwanasaikolojia Mmarekani Lenore Walker alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 mzunguko wenye hatua tatu: hali huchacha, kipigo hulipuka, kisha huja majuto, zawadi na viapo. Kwa mzunguko huo, kiapo chenye machozi si dalili kwamba mambo yamekwisha. Ni hatua ya tatu, na hatua ya tatu hufuatwa na ya kwanza. Dalili moja ni ya kutisha kuliko nyingine. Utafiti wa Nancy Glass na wenzake uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2008 uligundua kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzake alikuwa katika hatari ya kuuawa naye baadaye mara saba zaidi ya wanawake wengine waliodhulumiwa ambao hawakukabwa.

Kwa mwanamke wa aina hiyo, kumketisha mwanamume sebuleni na kumdai taarifa ya simu kunaweza kuwa hatari. Hapaswi kufanya mazungumzo ya upatanisho akiwa peke yake, wala kumjulisha mapema kwamba jibu ni la. Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Sheria hiyo inahesabu kuwa dhuluma si kipigo pekee, bali pia vitisho, kufuatwafuatwa na kudhulumiwa kiuchumi. Simu ya 1195 hupokea taarifa za dhuluma za kijinsia bila malipo.

Hata katika kisa cha kamari, mwanamke anapaswa kujiuliza swali moja kabla ya kuitisha taarifa yoyote: "Nikisema la, namwogopa?" Ikiwa jibu ni ndiyo, basi suala si fedha tena.

Mwisho wa Mei

Mwanamke wa Fedha hakuwa na hofu hiyo. Mumewe alinung'unika, shangazi akaondoka bila kumaliza chai, lakini tarehe nne ya Novemba Sh6,000 ziliingia. Zilifuatwa na ujumbe mfupi usio na kiapo wala dua: "Za watoto. Deni la kaka limebaki elfu mbili."

Ujumbe huo hauthibitishi kwamba mtu amebadilika. Ni mwezi mmoja kati ya saba, na mbele yake kuna Desemba yenye gharama za sikukuu, Januari yenye karo, na wikendi ya Mei ambayo mwaka uliotangulia ilimwangusha. Lakini mwanamke aliuhifadhi. Kwa mara ya kwanza tangu kufuli ile itiwe mlangoni, mumewe alikuwa amelitaja deni bila kuulizwa.